Tahadhari: anayeuza transmita za FM "zinazokubali gari lolote" anatupiga

Wakuu, kuna muuzaji hapa Dar anatangaza vile vidude vya blututhi vinavyochomekwa kwenye kibiriti cha gari ili muziki wa simu utokee kwenye redio. Anauza 25,000 na maneno yake ni yaleyale: inakubali gari lolote, haina mikwaruzo, inashika hadi mita 50. Mzigo unaletwa na bodaboda, na unalipa kabla hujafungua boksi. Mimi nimeshapigwa, tena mara mbili.

Gari langu ni Toyota IST, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. Nilichomeka, kidude kikawaka na kuandika 107.8. Nikazungusha redio kuitafuta hiyo 107.8, ikafika 90.0 ikarudi 76.0. Redio za Japani za zamani zinaishia 90. Za miaka ya karibuni, baada ya wenzetu kufungua masafa zaidi mwaka 2014, nyingi zinafika 95. Kidude chenyewe kinarusha kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo mimi na wenye Vitz, Probox na Passo wenye redio hizo za zamani tumebakiwa na kipande cha 87.5 hadi 90 tu, na mjini hapa kipande hicho kimejaa stesheni. Muuzaji analijua hilo, maana nilipompigia swali lake la kwanza lilikuwa, "Redio yako ya Kijapani, bosi?" Kabla ya kulipwa hakuuliza.

Hapo ndipo pigo la pili. Akaniambia antena yangu dhaifu, ninunue busta ya 35,000. Nikanunua, mikwaruzo ikazidi. Fundi redio wa mtaani kwetu alicheka sana. Busta inakuza kila kinachoingia kwenye antena, zikiwemo stesheni unazogombana nazo. Kidude chako kiko mita moja au mbili kutoka kwenye antena, hakihitaji kukuzwa, kinahitaji nafasi. Redio ya FM ikikuta mawimbi mawili kwenye masafa mamoja hushika lenye nguvu na kulikandamiza dhaifu. Yakikaribiana nguvu ndiyo unasikia mahubiri yanaingia na kutoka katikati ya wimbo wako.

Alichofanya fundi hakikunigharimu hata mia. Alichomoa kidude kabisa, akawasha redio, akaanza 87.5 akipanda pointi moja moja kwa mkono, siyo kwa kile kitufe cha kujitafutia, kwa sababu chenyewe kinaruka sehemu tupu na sisi tunatafuta hizohizo. Alikuwa anasikiliza mvumo mtupu, usio na sauti ya mtu wala mdundo kwa mbali. Akiupata, anajaribu pia pointi mbili juu na pointi mbili chini, kwa kuwa stesheni yenye nguvu humwagikia majirani zake. Kati ya 87.5 na 90 tulipata sehemu mbili tu. Tukazunguka nazo garini, na moja ikafa tulipopanda kilima, kwani juu kule stesheni za mbali zinasikika. Iliyobaki ndiyo natumia mpaka leo. Nikisafiri naanza upya, maana iliyo tupu Dar si lazima iwe tupu Morogoro.

Kisha akapandisha sauti ya simu hadi karibu robo tatu na kushusha ya redio. Mimi nilikuwa nafanya kinyume, simu chini redio juu, kwa hiyo nilikuwa nakuza mvumo. Akazungusha na kidude kwenye tundu mpaka kikakaza, kilikuwa kinalegea kila tuta. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta, hayo si masafa, ni umeme wa gari. Kama umeunganisha simu kwa waya wa sauti huku inachaji palepale, chomoa chaji usikie tofauti.

Hiyo mita 50 nayo ni maneno tu. Ulaya vidude hivi vinaruhusiwa nguvu ya nanowati 50, inayotosha ndani ya gari. Kinachorusha mbali kweli kitamwingilia jirani kwenye foleni.

Muuzaji sasa amenizuia. Tangazo bado lipo: picha ya dashibodi ya gari la Kijapani, kidude kinaonyesha 107.8, redio ya gari nayo eti 107.8, namba zimebandikwa juu ya picha. Mkikutana nalo, kabla ya kutoa hela nendeni garini mzungushe redio mpaka mwisho muone inaishia ngapi, na mwambieni aje mjaribu kwenye gari lenu, si lake. Mimi nilipomwambia hivyo kwa namba ya shemeji yangu, alisema hana muda.