Ofisi ya tafsiri ilimpa mama yangu nimonia ya kwenye karatasi

Nina hasira bado, mnivumilie. Mama ana sukari ya miaka mingi, mwaka huu akaanza kupata kichomi kifuani, tukaamua kumpeleka Chennai, India. Mafaili ya hospitali huku yameandikwa Kiingereza tayari, hayakuwa na shida. Kilichobaki ni maelezo ya mama mwenyewe, karatasi mbili tulizoandika kwa Kiswahili akisema na sisi tunaandika, tukazipeleka kwa ofisi moja ya tafsiri hapa Dar, wana muhuri, wana risiti, wanajiita wabobezi wa nyaraka za kitabibu.

Mama alisema hivi: "Nikipanda ngazi kifua kinanibana, napata kichomi, nikikaa kidogo kinaachia." Wao wakaandika ana nimonia. Ndio, najua kichomi watu wanaita hivyo hata nimonia, lakini mtu akisema kichomi huku anamaanisha pia maumivu tu ya kuchoma, ubavuni, kifuani, popote, na hapo mama keshasema kinakuja akipanda ngazi na kinaondoka akipumzika. Nimonia gani hiyo inayosubiri ngazi? Halafu alisema nyayo zinawaka moto usiku na vidole vina ganzi. Hiyo ikawa "homa za usiku". Ganzi wakaiacha kabisa!

Sasa weka pamoja, nimonia na homa za usiku, daktari afikirie nini? Tumefika kule daktari anauliza kikohozi, makohozi rangi gani, anamwambia mama avute pumzi ndefu, anaandika eksirei ya kifua na damu ya kuangalia maambukizi. Mama ananiangalia, "mwanangu, mbona ananiuliza kikohozi, mi sikohoi." Siku nzima ikaenda hivyo, na pesa, na mtu ana tatizo la moyo anatembezwa korido.

Kilichotuokoa ni mkalimani wa hospitali yenyewe, dada wa Kizanzibari, Mungu ambariki. Alipoona majibu ya eksirei ni mazuri na mama bado analalamika, karatasi akaiweka pembeni. Akampa shikamoo, akakaa chini usawa wake, akaanza, "Mama nioneshe kwa mkono panapouma." Mama akaweka kiganja kizima katikati ya kifua, si kidole. Yule dada akamweleza daktari hivyo hivyo, kiganja na mahali pake. Akauliza kinaanza ukiwa unafanya nini, kinakaa muda gani, kinatambaa kwenda wapi (mkono wa kushoto mpaka taya, sisi wenyewe hatukujua), ukivuta pumzi kinazidi? Hapana. Ukikaa? Kinaisha, dakika chache tu. Hakutaja jina la ugonjwa hata mara moja, yaani alichukua maneno ya mama akayapeleka kwa daktari yakiwa mazima. Na nyayo vilevile, akamuuliza ukijishika mwili una joto? Hauna, ni kuwaka kwa ndani tu, na kandambili inamvuka hajui. Daktari akasema hiyo ni sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu, si homa.

Basi mambo yakageuka palepale, kipimo cha umeme wa moyo, baadaye wakapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono kuangalia mishipa ya moyo, mmoja umeziba sehemu kubwa. Kawekewa stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, sasa hivi anapanda ngazi za kwa dada bila kusimama.

Niliporudi nikaenda pale ofisini. Jamaa wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu yake, ananiambia "sista, sisi tunatafsiri, hatutibu." Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Hakuna aliyewaomba watibu! Tuliomba waandike alichosema mgonjwa, wao ndio waliojifanya madaktari wakabandika ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja. Na hawakupiga simu hata kuuliza "kichomi cha namna gani", namba yangu ipo kwenye fomu.

Nyota moja. Nilitaka kuwapa mbili kwa sababu walimaliza haraka na majina na tarehe za kuzaliwa zote ziko sawa, ila nikikumbuka mama kwenye ile korido, hapana, moja inawatosha. Ukilazimika kwenda kwao au kwa wenzao, kabla hujalipa mwambie aliyetafsiri akusomee kazi yake kwa Kiswahili mgonjwa akiwa anasikia, mstari kwa mstari. Ukisikia limetajwa jina la ugonjwa ambalo mgonjwa hakulisema, lifutwe, yaandikwe maumivu yenyewe: wapi, saa ngapi, akifanya nini, nini kinayatuliza. Wakikataa, chukua karatasi zako uondoke. Pesa yangu mpaka leo hawajarudisha.