Bima ya stoki: kiasi kimoja cha mwaka au tamko la kila mwezi?

Chukua duka la jumla la vitenge pale Kikuubo, Kampala. Stoki huwa ya milioni 80, ila Desemba hufika milioni 120, kwa bei ya kununulia. Mwenye duka amekata bima ya milioni 80 kwa mwaka mzima. Desemba moto unateketeza mali ya milioni 60, naye anadhani atalipwa yote kwa kuwa 60 haizidi 80. Kumbe kanuni ya uwiano inauliza stoki nzima siku ile ilikuwa ya thamani gani:

60 × 80 ÷ 120 = milioni 40

Milioni 20 zinabaki juu yake.

Bima ya tamko, ambapo mwenye duka huitajia kampuni ya bima thamani ya stoki yake kila mwezi, hukatwa kwa kilele, milioni 120. Tuseme ada ni asilimia 0.3, yaani shilingi 360,000. Kwa kawaida hutangulizwa robo tatu, 270,000, kisha mwisho wa mwaka ada hupigwa kwa wastani wa matamko. Hasara ile ile ingelipwa milioni 60. Bima ya kiasi kimoja, ile ya milioni 80, ingegharimu 240,000 tu, bila makaratasi.

Tamko, lakini, linataka vitabu safi. Ukichelewa, mwezi huo huhesabiwa kwa kiasi cha juu kabisa. Ukitamka pungufu, fidia hukatwa kwa uwiano uleule.

Duka la dawa lenye stoki isiyoyumba halihitaji usumbufu huo. Anayejaza ghala kabla ya Krismasi bila karani wa kuhesabu, afadhali akate milioni 120 moja kwa moja.