Kutoka slaidi hadi andiko la biashara: uzoefu wangu na mshauri mmoja wa Dodoma

Mimi na wenzangu wawili tunaanzisha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kizota, hapa Dodoma mjini. Slaidi za kuwaonyesha wawekezaji tulikuwa nazo tayari: kumi na mbili, zenye picha nzuri na namba chache kubwa kubwa. Kila mtu tuliyemwonyesha alizipenda, kisha akauliza, "Andiko liko wapi?" Benki waliuliza hivyo, na mzee mmoja aliyekuwa tayari kuweka fedha zake aliuliza hivyo hivyo. Ndipo tukaelekezwa kwa dada mmoja anayefanya kazi hiyo ya kuchukua slaidi na kuzigeuza kuwa andiko kamili. Alitutoza shilingi 450,000, nusu mwanzo na nusu baada ya kukabidhi. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria kulipia huduma ya namna hii.

Siku ya kwanza hakuandika chochote. Alichapisha slaidi zetu, akazitandaza mezani, na juu ya kila moja akaandika kwa kalamu jina la sehemu ya andiko inakoingia. Slaidi ya tatizo na ile ya suluhisho zikaenda pamoja kwenye maelezo ya biashara. Slaidi ya soko ikaenda kwenye uchambuzi wa soko, ya timu kwenye uongozi, na ile ya "tunaomba milioni 60" ikaenda kwenye mahitaji ya fedha. Zikabaki sehemu mbili ambazo hazikuwa na slaidi yoyote, yaani uzalishaji na vihatarishi. Akasema hizo ndizo zitakazochukua muda, kwa sababu slaidi huonyesha mnachotaka kuuza, wakati andiko linataka kujua mzigo unatoka wapi, lini, na kwa fedha ya nani.

Slaidi yetu ya soko ilisema mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, na kwamba tukipata sehemu ndogo tu ya mafuta wanayopikia, tumefika. Ukumbini maneno hayo yanapendeza. Kwenye andiko aliyaacha yakae sentensi moja, kisha akaanza kuhesabu kutoka chini. Mashine yetu ingekamua tani 10 za mbegu kwa mwezi. Kwa mbegu nzuri na mashine ya kukandamiza tuliyochagua, tulikisia kilo 100 za mbegu zitoe kilo 30 za mafuta na kilo 65 za mashudu, zilizobaki zikienda na unyevu na uchafu. Tani 10 basi ni kilo 3,000 za mafuta, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama kilo 0.92, tunapata takribani lita 3,260. Akauliza duka la mtaani huchukua lita ngapi kwa mwezi. Tukazunguka maduka ya Majengo, Area C na Nkuhungu tukiuliza, na wengi wakasema madumu mawili ya lita 20. Ina maana tunahitaji maduka yapatayo 80 yanayonunua kwetu kila mwezi. Sentensi hiyo moja ilikuwa na maana kuliko slaidi nzima, maana mtu anaweza kuichukua akaenda kuuliza dukani kama ni kweli.

Sehemu ya fedha ndiyo iliyonifanya nione thamani ya huduma hii. Slaidi ilikuwa na nguzo tatu za mauzo, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na ya kwanza ilisimama kwenye milioni 195. Namba yenyewe haikuwa mbaya. Tani 120 za mbegu kwa mwaka, mafuta kwa bei ya jumla ya shilingi 4,000 kwa lita na mashudu kwa shilingi 500 kwa kilo, zinafika hapo. Mbegu tulikisia kununua kwa shilingi 900 kwa kilo, jumla milioni 108. Umeme, mishahara, chupa, lebo na usafiri tuliweka milioni 4 kwa mwezi, yaani 48 kwa mwaka. Ukitoa vyote, faida kabla ya riba na kodi ni milioni 39, na kwenye slaidi hesabu iliishia hapo.

Yeye akaivunja miezi kumi na miwili. Alizeti ya huku kwetu huvunwa mara moja kwa mwaka. Kuanzia Mei hivi mbegu hujaa Kongwa, Kibaigwa, Mpwapwa na Chemba, bei ikiwa chini. Ukisubiri hadi msimu wa kulima, mzigo umeshaingia kwenye maghala ya wafanyabiashara na bei imepanda. Kiwanda kinachotaka mbegu ya bei nzuri hununua ya mwaka mzima ndani ya miezi michache, ila mafuta kinayauza kidogo kidogo mwaka mzima. Na maduka mengi hayalipi siku ya kupokea mzigo. Tuliweka mwezi mmoja.

Basi Juni tunanunua tani 40 kwa milioni 36 na kulipa gharama za milioni 4, huku kinachoingia ni fedha ya mashudu tu, milioni 3.25. Tumeshuka milioni 36.75. Julai malipo ya maduka yanaanza kuingia, milioni 13 za mafuta na zile 3.25 za mashudu, lakini milioni 40 zinatoka tena, kwa hiyo tumeshuka hadi 60.5. Agosti inafanana na Julai, na shimo linafika milioni 84.25. Kuanzia Septemba hatununui tena mbegu, ndipo kila mwezi unarudisha milioni 12.25 hadi Mei. Mwisho wa mwaka kuna milioni 26 mkononi na 13 ambazo maduka bado yanadaiwa, na jumla ni ile ile 39 ya kwenye slaidi. Faida haijabadilika hata shilingi. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaliona shimo la Agosti, na ndani ya nguzo ya mwaka mzima haliwezi kuonekana.

Sasa rudi kwenye slaidi ya ombi. Milioni 60 tulizigawa hivi: 35 mashine na ufungaji wake, 10 chupa na lebo, 15 usambazaji. Ukiondoa mashine, zinabaki 25 za kuendeshea kiwanda kinachohitaji zaidi ya 84. Mwekezaji angetupa kila tulichoomba, na bado tungekwama mwezi wa kwanza tu, mbegu zikiwa sokoni na sisi hatuna fedha ya kununulia. Ombi la kweli kwa mpango ule ni kama milioni 119, karibu mara mbili ya tuliloandika.

Mwenzangu mmoja akapendekeza tununue nusu tu ya mbegu. Tukaipiga hesabu hapo hapo kwenye jedwali. Mbegu inashuka hadi milioni 54 na mauzo hadi 97.5, lakini gharama za mwezi hazishuki kwa nusu, kwa sababu mlinzi, pango na fundi wa mashine hulipwa vile vile. Tuliweka milioni 3, na faida ikabaki milioni 7.5. Hapo dada akauliza swali ambalo halikuwa kwenye slaidi yoyote: "Mashine ikikaa bure nusu ya mwezi, kwa nini msiwakamulie wakulima?" Jambo hilo lipo sana huku na Singida. Mkulima analeta magunia yake, analipia kwa kilo, anaondoka na mafuta yake, na wewe hujanunua mbegu hata moja. Tulikisia tani 5 kwa mwezi, zikituachia shilingi 120 kwa kilo baada ya umeme. Hiyo ni 600,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka. Faida ikapanda hadi 14.7, na shimo la Agosti likawa kama milioni 43.3. Ombi jipya likawa milioni 80, yaani 35 za mashine na 45 za mtaji wa uendeshaji, na kila shilingi ina mwezi wake kwenye jedwali. Maduka tunayohitaji nayo yakawa 40 badala ya 80.

Sehemu ya uzalishaji, ambayo haikuwa na slaidi, ikajiandika yenyewe baada ya hapo: ghala la tani ngapi, mbegu zikaushwe vipi kabla ya kuhifadhiwa, mafuta yatulie na kuchujwa kabla ya kuwekwa kwenye chupa, alama ya TBS kabla ya kuingia madukani. Vihatarishi navyo vilitoka kwenye jedwali lile lile. Alipandisha bei ya mbegu kutoka 900 hadi 1,000, tukaona faida ikipungua kwa milioni 6 papo hapo. Napenda alivyofanya hivyo, kwa sababu maandiko mengi niliyowahi kusoma huandika "ukame" na "ushindani" bila namba yoyote.

Kasoro zipo. Rasimu ya kwanza ilikuja na lita 45,000 kwa mwaka kwenye sehemu ya masoko, wakati uzalishaji ulikuwa bado kwenye tani 120. Zidisha lita kwa 0.92, gawanya kwa 0.30, unapata kilo 138,000 za mbegu: tani 18 ambazo hakuna aliyezinunua. Nilipomwonyesha alirekebisha siku ile ile bila ubishi, lakini kazi ya kulipia haikupaswa kufika hivyo. Ukipokea andiko la kiwanda chochote cha kukamua, fanya hesabu hiyo ya kurudi nyuma kabla ya kusoma kitu kingine. Sehemu ya uongozi nayo ilikuwa wasifu wetu watatu ulionakiliwa kutoka kwenye slaidi. Haikusema nani anasimamia ununuzi vijijini na nani anadai maduka. Tuliiandika wenyewe upya.

Pia hakugusa slaidi. Alikabidhi andiko na faili la Excel, na kwake kazi iliishia hapo. Slaidi za zamani zikabaki zinaomba milioni 60 huku andiko likiomba 80, na mtu akipewa vyote viwili kitu cha kwanza atakachouliza ni hicho. Tulibadilisha slaidi ya soko, ya fedha na ya ombi sisi wenyewe. Kwa bei ile ningetaka hilo liwe ndani ya makubaliano, na ukienda kwa mtu wa kazi hii, liseme kabla ya kutoa nusu ya kwanza.

Faili lenyewe ndilo ninalolithamini zaidi kuliko andiko. Makisio yote yako ukurasa wa kwanza, bei ya mbegu, kiwango cha mafuta, siku za maduka kulipa, na miezi kumi na miwili inayasoma kutoka huko. Mwezi uliopita mwenye duka la jumla Sabasaba alituambia yeye hulipa baada ya siku 60. Nikabadilisha namba moja. Shimo la Agosti likashuka milioni 6.5 zaidi, na nikajua la kumjibu nikiwa bado nimesimama dukani kwake.