Kulipia kazi mojamoja au kifurushi cha mwezi?

Wateja wangu wa kazi za graphics hapa Mbeya huniuliza hili kila wiki. Bei zangu: nembo 80,000, kipeperushi 20,000, posti moja ya mitandaoni 10,000. Kifurushi cha mwezi ni posti 12 kwa 90,000.

Kwa gharama, mpaka ni posti 9. Saluni ya Mwanjelwa inayoposti mara tatu kwa wiki ingelipa 120,000 mojamoja, kwa hiyo kifurushi kinaiokolea 30,000. Lakini mama anayeuza mchele wa Kyela pale Uyole alihitaji kipeperushi na posti nne tu mzigo mpya ulipoingia: 60,000. Kifurushi kingempotezea hela, maana posti zisizotumika hazihamii mwezi ujao.

Kwa marekebisho, kazi mojamoja inashinda. Unarekebishiwa mara mbili. Kwenye kifurushi ni mara moja, kwa sababu natumia muundo uleule nikibadili picha, bei na maneno. Muonekano unafanana mwezi mzima, ila picha zako zikichelewa (na huchelewa!), posti zote zinarundikana wiki ya mwisho.

Nembo siiweki kwenye kifurushi chochote. Dai faili la SVG au PDF lililochorwa kwa mistari. JPG iliyopita WhatsApp inatosha kwenye simu, lakini ukiikuza kwenye bango la mita mbili kingo zinakuwa na ngazingazi. Kama nembo yako ipo kwa JPG tu, anza na kazi ya nembo kabla ya kifurushi.