Kadi ikigoma: umfungie mtu hapohapo au umpe siku 7?

Kadi ikigoma siku ya kulipia uanachama una njia mbili, umfungie mtu akaunti saa hiyohiyo au umwache aendelee kutumia siku kama 7 huku mfumo unajaribu kukata tena. Kumfungia ni rahisi kwa programa, ila unapoteza watu ambao wala hawakutaka kuondoka, salio tu halikutosha siku ile.

Mimi niko upande wa siku 7, lakini soma kwanza sababu iliyorudi. Ikiwa `insufficient_funds` jaribu tena baada ya siku 3, halafu ya 7. Ikiwa `expired_card` kujaribu bila kadi mpya mara nyingi ni kazi bure, mtumie imeili yenye linki ya kubadilisha kadi.

Balaa la njia hii liko kwenye kujitoa. Kadi imegoma tarehe 1, tarehe 2 mtu kabonyeza "Sitisha uanachama", tarehe 4 mfumo unajaribu tena na hela inakatwa, yaani hapo atakimbilia benki kudai irudishwe na haki anayo. Kitufe kifute na majaribio yaliyobaki, sio malipo ya mwezi ujao tu. Ukimfungia papo hapo bila kujaribu tena, kesi hii huioni kabisa.