Programu ya kubandika maandishi kwenye kitu kinachokwenda: kabla ya kulipa, iulize kuhusu nguzo

Lalamiko linalorudi kila wiki ni lile lile. Mtu amenunua programu kwa sababu tangazo lilimwonyesha jina likimfuata mkimbiaji kama kivuli. Anaijaribu kwenye klipu yake ya daladala, jina linakaa juu ya gari vizuri kabisa, gari linapita nyuma ya nguzo ya umeme, jina linabaki kwenye nguzo. Gari linaenda zake.

Wauzaji watakueleza kasi, idadi ya fonti na violezo vya kung'aa. Yote hayo yaweke pembeni. Kila programu inayouzwa leo inaweza kufuata kitu kinachoonekana mwanzo hadi mwisho. Zinatofautiana pale kitu kinapofichwa kwa fremu chache: je, programu inakuruhusu kuendeleza njia ile ile kwa kushika sehemu nyingine ya kitu, au inakuacha uanze upya? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo moja.

Kwanza: DaVinci Resolve, toleo la bure

Naipendelea waziwazi. Toleo la bure la Blackmagic Design lina ukurasa wa Fusion, na ndani yake traka, yaani zana za kufuatilia: ya pointi inayofuata nukta moja, na ya bapa inayofuata uso mzima, zote bila malipo na bila alama ya maji. Linatoa video hadi 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Ila lililonifanya niiweke juu ni menyu ndogo ambayo wengi hawaifungui kamwe, inaitwa `Path Center`.

Tuchukue klipu ya sekunde 6 kwa fremu 30, yaani fremu 180, upana pikseli 1920. Daladala linakatiza picha kwa fremu 160, kwa hiyo linasogea pikseli 12 kila fremu. Nguzo ina upana wa pikseli 108, hivyo pointi yoyote kwenye gari inafichwa kwa fremu 9. Tuseme taa ya mbele inafichwa kuanzia fremu ya 74 hadi ya 82.

Ukiwa Fusion, chagua `MediaIn1`, yaani klipu yako, bonyeza Shift na Space, andika Tracker, ingiza. Utapata visanduku viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani ndicho sura inayokaririwa. Cha nje ni eneo la kuitafuta sura hiyo katika fremu inayofuata. Cha ndani kiweke kwenye pembe ya taa, mahali penye weusi na weupe vinavyokutana. Usikiweke kwenye kioo cha mbele: mwangaza unaoakisiwa pale una mwendo wake, na traka itaufuata huo badala ya gari. Cha nje kivute kipite cha ndani kwa pikseli 30 hivi kila upande, maana gari likirukaruka barabarani zile 12 hazitatosha. Ukikifanya kikubwa mno, traka inakuwa nzito na inaweza kudaka taa ya gari jingine.

`Adaptive Mode` iache kwenye `None`. Ukiweka `Every Frame`, traka inakariri sura mpya kila fremu, na kila mara inabeba kosa dogo la fremu iliyopita; mwisho wa klipu maandishi yameteleza kutoka kwenye taa hadi kwenye bampa bila wewe kuona ni lini yaliondoka. Kama gari linageuka na sura inabadilika kweli, tumia `Best Match`.

Sasa fuatilia mbele, na usimame fremu ya 72. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanasubiri taa ifichwe ndipo watafute dawa. Taa ikiwa bado inaonekana, badilisha `Path Center` iwe `Track Center (append)`, kisha buruta kisanduku hadi kwenye kitu kingine cha gari lile lile kilicho nyuma ya taa, tuseme ukingo wa dirisha la dereva, pikseli 240 kutoka kwenye taa. Endelea kufuatilia. Programu inahesabu yenyewe tofauti ya umbali na kuiunga njia mpya kwenye ile ya zamani, kana kwamba bado unafuata taa.

Dirisha nalo litafika kwenye nguzo. Pikseli 240 kwa mwendo wa 12 ni fremu 20, kwa hiyo litafichwa kuanzia fremu ya 94. Taa imeshatokea tangu fremu ya 83. Simama fremu ya 86, rudisha kisanduku kwenye taa kwa `append` hiyo hiyo, fuatilia hadi mwisho. Nguzo imevukwa na njia haikukatika.

Kagua kabla ya kushangilia. Fremu ya 86, kabla hujarudisha kisanduku, tazama njia iliyochorwa inaangukia wapi. Ikiangukia kwenye taa, safi. Ikiwa imekosea pikseli kadhaa, gari halikuwa linakatiza sawasawa, lilikuwa linakuja kwako kidogo, na sehemu ya mbele ilisogea kwa kasi tofauti na dirisha. Rudi fremu ya 72 uchague sehemu iliyo karibu zaidi na taa, lakini isiwe chini ya upana wa nguzo, vinginevyo pointi zote mbili zitafichwa pamoja.

Kubandika maandishi ni kazi ya dakika. Ongeza `Text+`, iunganishe juu ya picha kwa `Merge`, nenda kichupo cha `Layout`, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya `Center`, chagua `Connect To`, kisha `Tracker1`, kisha ile yenye `Offset Position`. Maandishi yatarukia kwenye taa; yapandishe juu ya gari kwa `X Offset` na `Y Offset` za traka. Kumbuka pointi moja inatoa mahali tu. Ukitaka maandishi yakue gari linapokaribia, tumia traka ya bapa.

Kasoro yake? Ni nzito. Blackmagic wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 32 kwa anayetumia Fusion. Kwenye kompyuta mpakato ya GB 8 utakunywa chai kati ya kila hatua. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja tu, na linaongeza mambo kama traka ya kamera. Kwa maandishi juu ya daladala hulihitaji.

Pili: After Effects

Uwezo wake haubishaniwi. Kwenye traka yake, ukishikilia Alt na kuburuta kisanduku, sura inayotafutwa inahamia kwingine huku pointi ya kubandikia ikibaki pale pale. Ni ujanja ule ule wa `append` kwa jina jingine. Tena inatunza kiwango cha uhakika kwa kila fremu, na unaweza kuiamuru isimame kikishuka chini ya asilimia unayotaka. Iamuru isimame. Ukiiruhusu iendelee, itakupa njia nzuri ya kufuata nguzo.

Inakuja pia na Mocha AE, ambayo kwa kufichwa ndiyo bingwa: unachora umbo kuzunguka nguzo, unaliweka juu ya umbo la gari kwenye orodha ya tabaka, na Mocha inaipuuza nguzo inapofuatilia gari.

Basi mbona ni ya pili? Bei. Kwa bei ya Marekani ni karibu dola 23 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka, yaani dola 276 kwa mwaka, karibu sawa na Studio ambayo ukiinunua ni yako. Na jina "kwa mwezi" linadanganya jicho. Umefunga mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo; ukiukatisha baada ya siku 14 za mwanzo unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Anayelipwa shilingi kwa harusi moja moja, na benki yake ikimkata kwa kiwango chake cha dola, afanye hesabu hiyo kabla hajaingiza namba ya kadi.

Hapo ndipo wanapoingia wale wa dukani wanaokuwekea toleo lililovunjwa kwa bei ya sahani ya wali. Linaweza kuja na virusi, halipati masahihisho, na siku linapogoma kazi ya mteja iko nusu. Wengine wana ujasiri zaidi: wanakuuzia Resolve ya bure kwenye flashi kama "full version". Kitu kinachopakuliwa bure kwenye tovuti ya wenyewe! Wanachokuuzia pale ni bando tu, basi waseme ni bando.

Tatu: Final Cut Pro

Kwa mwenye Mac peke yake. Dola 299.99 mara moja. Tangu toleo la 10.6 la mwaka 2021 unaburuta maandishi juu ya kitu, yenyewe inafuatilia. Ikipotea unapeleka mshale kwenye fremu iliyokosea, unarekebisha kisanduku, unachambua upya kutoka hapo. Kwa mtu anayetembea mbele ya ukuta ni raha tupu. Kwa nguzo, haikupi udhibiti wa mbili za juu.

CapCut, Filmora na za simu

Kwa klipu ya sekunde 3 isiyo na kizuizi, zinatosha. Kikifichwa, kata klipu vipande viwili, fuatilia kila kipande, na uvumilie mrukio mdogo pale kwenye kiungo. Usizilipie kwa ajili ya kufuatilia.

Kabla hujailaumu programu

Kuna kosa moja linalofanana na traka mbovu lakini siyo. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka, mwangani 30, gizani 24. Ndani ya kihariri maandishi yanakaa sawa, ukitoa faili yanatangulia gari au kuchelewa. Traka mbovu hukosea mahali pale pale kila ukicheza. Hili linabadilika kati ya kihariri na faili lililotolewa. Sawazisha klipu kabla ya kuiingiza:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy safi.mp4
```

Na unaporekodi, pandisha kasi ya shata. Kwa daladala letu la pikseli 12 kwa fremu, shata ya 1/60 inapaka ukungu wa pikseli 6 kwenye taa. 1/240 inaacha pikseli moja na nusu. Pembe iliyo kali hushikika, iliyopakaa hutetema, na maandishi hutetema nayo hata kwenye programu ya bei gani.