TAHADHARI: Fundi wa picha wa Kampala anayeweka mbwa kwenye picha za watoto ni tapeli, msimtumie hela

Jamani, naandika nikiwa na hasira ambazo sijui nizipeleke wapi. Habari za mbwa wetu Simba na jinsi alivyotutoka mnazijua, sirudii. Binti yangu alitaka kitu kimoja tu: picha yake na Simba pamoja, kwa sababu picha yao wawili hatukuwahi kupiga. Ndipo nikamwona huyu bwana wa Kampala anayetangaza kwamba anaweza kumweka mnyama wako ndani ya picha ya mtoto "kama walikaa pamoja". Bei laki moja na nusu pamoja na kuprinti na fremu, nusu inatangulia.

Mtu asiniulize kwa nini nilimwamini. Alinitumia sampuli, "kabla" na "baada". Kwenye kabla kuna mtoto wa kiume amekaa peke yake kwenye zulia, kwenye baada ameegemewa na mbwa mkubwa mweupe, unyoya mmoja mmoja unaonekana, kivuli kimelala vizuri, hata zulia limebonyea chini ya miguu ya mbwa. Mngeiona nanyi mngetuma. Halafu alipiga simu mwenyewe, sauti ya upole, "Nyabo usijali, hiyo ni kazi yangu ya kila siku." Aliuliza jina la mtoto. Aliuliza hata Simba alikuwa mbwa wa namna gani! Nikatuma elfu sabini na tano na ya kutolea juu.

Nilimpa picha mbili. Ya binti yangu niliipigia sebuleni Arua, amekaa kwenye mkeka, dirisha liko kushoto kwake. Ya Simba ni ile ya uani, jua la saa saba liko utosini, amesimama kwenye majani. Akasema zinatosha kabisa. Kumbukeni hilo neno.

Kazi ya kwanza ilipokuja, nilishtuka. Simba alikuwa kama amebandikwa kwa gundi. Mgongo unawaka jua ndani ya sebule yangu, tumbo jeusi, chini ya kidevu kuna ukijani wa majani ambayo kwenye mkeka hayapo. Mwili mzima umezungukwa na ukungu mweupe, na miguu inaelea. Nikamwambia siichukui. Akajibu, "Nipe mpaka kesho, nyabo, nitalainisha."

Kesho yake ikaja nyingine, na hiyo ilikuwa nzuri, sikatai. Mwanga unatoka kushoto, manyoya yametulia, kivuli kipo. Ilikuwa ndogo, na neno SAMPULI limepita kichwani mwa mbwa. Aliniambia faili kubwa haitoki mpaka nimalize deni, na kila fundi husema hivyo. Nikamaliza.

Fremu ikaja na basi. Binti yangu akaifungua mwenyewe, akaitazama, kisha akaniuliza: "Mama, huyu ni nani? Sikio la Simba liko wapi?"

Sikio la kushoto la Simba lilikuwa limechanika, jirani zangu wote mnalijua. Mbwa wa kwenye fremu ana masikio mazima. Ni mbwa mwingine! Yule mwizi alishindwa kumtengeneza Simba, akaokota mbwa wa mtandaoni mwenye rangi ya kufanana, aliyekwisha kukatwa na kusafishwa na mtu mwingine, akamweka pembeni ya mwanangu. Lile neno SAMPULI alilipitisha hasa juu ya masikio. Mtoto amelia mpaka usiku. Mtu wa namna hii hafai kuitwa fundi, anastahili kufungwa.

Mpwa wangu yuko studio, nikampelekea vyote. Alianza na picha ya uani, na maneno yake yaliniuma kuliko hela. Alisema fundi mkweli angeikataa hiyo picha siku ya kwanza. Jua la utosini lilikuwa limeunguza manyoya meupe ya mgongoni mpaka yakawa weupe mtupu. Ukipunguza mwanga hapo unapata kijivu kisicho na unyoya, kwa sababu kamera haikushika kitu cha kurudisha. Ilitakiwa aombe picha nyingine ya Simba, ya kivulini au ya barazani, mwanga ukitoka upande mmoja. Ninazo tele kwenye simu! Hakuomba hata moja.

Kwa picha ya kivulini, alisema, kazi inafanyika. Ukijani wa majani unapunguzwa kwanza, halafu upande wa dirisha unaongezwa mwanga kidogo kidogo na wa pili unatiwa giza, kwa kufuata uso wa mtoto. Kingo hazilainishwi zote kwa kipimo kimoja, yule tapeli alizilainisha hivyo na ndiko ule ukungu ulikotoka. Pua na kucha hubaki kali. Shingoni na mkiani nyoya linafuatwa kwa brashi nyembamba, na ncha zilizobeba rangi ya majani zinapakwa rangi ya manyoya yenyewe. Mwisho ni kivuli, chembamba na cheusi pale mguu unapogusa mkeka, kisha kinafifia kuelekea kulia, mbali na dirisha. Akanionyesha kwa Simba wa barazani, kichwa tu, jioni moja. Ni yeye kabisa, na sikio lake.

Kisha akaitazama ile sampuli ya mtoto na zulia. Ni uongo. Yule mtoto alipigwa picha na mbwa wake kweli, na tapeli alichofanya ni kumfuta mbwa ili apate "kabla". Kwenye hiyo kabla, maua ya zulia yanajirudia sawasawa mahali mbwa alipokaa, na mkono wa mtoto umekunjika hewani kama umeshika kitu. Ni kitu unachokiona ukikuza picha tu. Kwa hiyo mkitumiwa sampuli, kuzeni "kabla", msihangaike na "baada". Na kabla ya kumaliza deni mwombeni akate kipande cha uso wa mnyama, kwa ukubwa kamili, bila maandishi, akitume kama dokumenti, maana picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa. Hata faili kubwa aliyoniuzia ilikuwa na pikseli 1600 upande mrefu, na fremu ni inchi 20. Hizo ni pikseli 80 kwa inchi, wakati ya kutazamwa kwa karibu hutakiwa 300. Ndiyo maana uso wa mwanangu umekuwa kama umepakwa uji.

Niliporudi kwake na hayo, akanifungia namba. Na siku hiyohiyo mtu akanitumia tangazo lake jipya: picha ya binti yangu na yule mbwa wa kuokota, eti "mteja ameridhika". Sikumpa ruhusa. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto, na mimi ndiye mzazi. Hela aipate wapi sijali, lakini uso wa mwanangu autoe leo, na akamatwe. Akamatwe kweli, asiachiwe kwa kuomba radhi kwa simu, maana atahamia namba nyingine na mtoto mwingine ataletewa mbwa asiyemjua.

Kesho asubuhi naenda polisi na fremu yenyewe, meseji zote na risiti za pesa kwa simu. Kama na wewe ulimlipa, hata elfu ishirini, nitumie inboksi namba uliyotumia na siku uliyolipa, tuandikishe kesi moja.